Insha 42, swali moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mfanano wa kutilia shaka

Ukurasa huu ni kwa walimu wa Kiswahili wanaosahihisha rundo la insha za swali moja na kuhisi kwamba baadhi yake zimefanana kupita kiasi. Mfano mmoja unapita katika majibu mengi. Tumeutunga kwa ajili ya maelezo haya: darasa la kidato cha tatu lenye wanafunzi 42, kila mmoja ameandika maneno kama 400 juu ya swali "Simu za mkononi zimewaletea vijana madhara mengi. Jadili."

Insha zote zinajibu swali moja. Si lazima zifanane?

Lazima, na hapo ndipo kazi yote ilipo. Wanafunzi wamefundishwa na mwalimu mmoja, wamesoma kitabu kimoja na wamesikiliza mjadala mmoja darasani. Zaidi ya hapo, ufundishaji wetu wa insha una desturi ya kukaririsha. Mtoto anafundishwa kufungua insha kwa "katika ulimwengu wa leo", kuipamba kwa tamathali alizozinakili kwenye daftari la msamiati, na kuifunga kwa methali. Mwanafunzi akiandika "ama kwa hakika, wahenga hawakukosea waliponena", hajamwibia mtu. Ametumia alichopewa.

Kwa hiyo usiulize kama insha mbili zinafanana. Uliza kama zinafanana katika jambo ambalo insha nyingine 40 hazina. Rundo lenyewe ndilo kipimo chako. Hoja ya kupoteza muda wa masomo ikitokea katika insha 38 kati ya 42, haina uzito wowote. Mfano wa fundi viatu aliyetapeliwa shilingi 17,500 ukitokea katika insha mbili tu, hapo simama.

Nianzie wapi kabla ya kulinganisha chochote?

Funika majina. Ipe kila insha namba kuanzia 01 hadi 42, na orodha ya majina iweke mbali. Ukijua kwamba 09 ni ya mwanafunzi bora na 27 ni ya yule mtoro, utakuwa umeshaamua nani alimnakili nani kabla ya kusoma sentensi moja, na uamuzi huo mara nyingi si sahihi.

Kisha andaa karatasi au faili moja ya mambo ya kawaida: maneno ya swali lenyewe, muhtasari uliouandika ubaoni, aya za kitabu cha kiada zinazohusu mada, insha ya mfano uliyowahi kuwasomea, na methali na misemo ambayo darasa zima linaijua. Chochote kilichomo humo hakihesabiwi, hata kikitokea neno kwa neno. Ukiiruka hatua hii, jozi za kwanza kukuangukia mikononi zitakuwa za wanafunzi wasikivu zaidi, waliokushika maneno yako vizuri.

Insha zimeandikwa kwa mkono. Nitalinganishaje jozi zote?

Insha 42 zinatoa jozi 861 (42 mara 41, gawanya kwa mbili). Hakuna anayeweza kusoma jozi 861, wala huhitaji. Soma kila insha mara moja na uijazie mstari mmoja kwenye jedwali lenye safu nne.

Safu ya kwanza ni mpangilio wa hoja kwa herufi: M kwa masomo, K kwa kamari, T kwa utapeli, A kwa afya, F kwa familia, P kwa picha chafu, na kadhalika. Insha 09 inakuwa M-K-T-A-F. Safu ya pili ni mifano mahususi, yaani kila kitu chenye jina, kiasi, mahali au kazi: "fundi viatu, 17,500", "dereva wa bodaboda, spika za masikioni". Safu ya tatu ni sentensi ya kwanza na ya mwisho, ukiandika maneno matano au sita ya kila moja. Safu ya nne ni mambo ya ajabu: kosa lisilo la kawaida, hoja iliyokatika katikati, neno lisilo mahali pake, ahadi isiyotimizwa.

Kila insha itakuchukua dakika tatu hivi juu ya muda wa kusahihisha, yaani saa mbili na dakika chache kwa darasa zima. Ukimaliza, pitia safu ya pili na ya nne kutoka juu hadi chini, na kila jambo uandike pembeni limetokea mara ngapi. Yaliyotokea mara mbili au tatu yazungushie. Jozi zenye miduara miwili au zaidi ndizo utakazozisoma bega kwa bega, na kwa kawaida ni chache sana.

Mpangilio wa hoja ukiwa uleule, si ushahidi tosha?

Peke yake ni ushahidi dhaifu kuliko unavyoonekana, na hesabu ndogo inaonyesha sababu. Tuseme wanafunzi wote wamechagua hoja nne zilezile na kila mmoja amezipanga kwa bahati tu. Hoja nne zinapangika kwa namna 24. Katika jozi 861, utarajie jozi kama 36 zenye mpangilio mmoja bila mtu yeyote kumtazama mwenzake. Hoja zikiwa tano, mipangilio ni 120 na jozi za bahati zinabaki kama saba. Zikifika sita, mipangilio ni 720 na unabaki na jozi moja hivi.

Na hiyo ni hesabu ya kupendelea shaka, kwa sababu wanafunzi hawapangi hoja kwa bahati. Karibu wote wanaanza na masomo, kwa kuwa wako shuleni na ndilo linalowasumbua. Ukiwa umeziorodhesha ubaoni, watafuata mpangilio wa ubao.

Kinachosema zaidi ni umbo la ndani. Tazama uwiano: je, insha zote mbili zinatumia aya tatu kwa utapeli na mistari miwili tu kwa afya? Tazama mchepuko: je, zote mbili zinaacha mada katika aya ya nne kuzungumzia bei ya vifurushi vya intaneti, kisha zinarudi kwa kiungo kilekile? Tazama pia ahadi. Katika mfano wetu, 09 na 27 zote zinasema kwenye utangulizi kwamba zitajadili "athari sita", na zote mbili zinatoa tano. Kuahidi sita kunaweza kufundishwa. Kuahidi sita na kutoa tano hakuna aliyekufundisha.

Kwa nini makosa ya pamoja yana uzito kuliko usahihi wa pamoja?

Kwa sababu usahihi una chanzo kimoja kinachojulikana na wote. Wanafunzi thelathini wakiandika kwamba mwanga wa skrini usiku huvuruga usingizi, wamelisikia jambo hilo mahali pengi. Wawili wakiandika jambo lililokosewa kwa namna ileile, njia za kulifikia ni chache zaidi.

Ila hapa pana mtego unaowanasa walimu wengi. Makosa mengi ya tahajia katika Kiswahili cha shuleni ni ya eneo zima, wala si ya mtu. Pale ambapo lugha ya kwanza ya wanafunzi haitofautishi /r/ na /l/, utapata "karamu" kwa kalamu na "tafadhari" kwa tafadhali katika nusu ya darasa. Vivyo hivyo dh na th: "thamana" kwa dhamana, "mathara" kwa madhara. Haya hayahesabiwi, kama vile lafudhi haihesabiwi. Hesabu kosa ambalo rundo zima halina, kwa mfano neno lililotumiwa kwa maana isiyo yake katika sentensi ileile ya aya ileile.

Mwanafunzi akibadilisha maneno, nitamjuaje?

Kiswahili kinamfichua. Anayebadilisha nomino analazimika kubadilisha upatanisho katika sentensi nzima, na mwenye haraka hubadilisha ule wa karibu akausahau wa mbali. Soma aya hizi mbili.

Insha 09: "Fundi viatu mmoja alipokea ujumbe uliomwambia kuwa ameshinda zawadi. Aliacha kiatu alichokuwa akikishona, akatuma shilingi 17,500 alizokuwa ameziweka kwa ajili ya karo ya mwanawe. Tapeli huyo alizima simu papo hapo."

Insha 27: "Kuna fundi wa saa aliyepata ujumbe kuwa ameshinda zawadi. Aliiacha saa aliyokuwa akikishona, akatuma shilingi 17,500 alizokuwa ameziweka kwa ajili ya karo ya binti yake. Tapeli huyo alizima simu papo hapo."

Fundi viatu amekuwa fundi wa saa, mwana amekuwa binti, na "aliacha kiatu alichokuwa" imekuwa "aliiacha saa aliyokuwa", sarufi safi kabisa. Kisha inakuja "akikishona". Saa haishonwi, na hata ingeshonwa ingekuwa "akiishona". Ile -ki- inarejelea kitu cha ngeli ya KI-VI ambacho hakimo ndani ya insha 27. Ni kiatu, kimebaki pale kama unyayo.

Mabaki ya namna hii yatafute katika viambishi vya mtendwa, virejeshi na vimilikishi. "Mwanafunzi hupoteza muda wao" mara nyingi ilikuwa "wanafunzi hupoteza muda wao". "Vyombo vya habari yaliyotangaza tukio hilo" huenda yalikuwa magazeti. Sema *huenda*: wanafunzi hukosea upatanisho wenyewe pia, kila siku. Kosa la upatanisho linakuwa ushahidi pale tu insha ya pili ina nomino inayolifanya kosa hilo kuwa sahihi.

Nina insha zilizochapwa. Kompyuta inaweza kunisaidia?

Ndiyo, katika usemi, si katika muundo wala mifano. Njia ya kawaida ni kukata kila insha katika vipande vya maneno kadhaa mfululizo, kisha kuhesabu vipande ambavyo jozi inashiriki. Mwaka 2001 Lou Bloomfield, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Virginia, aliandika programu iliyotafuta maneno sita mfululizo yanayolingana katika kazi za wanafunzi wake, na ikaibua kesi zaidi ya 100. Programu yake, WCopyfind, bado inajulikana.

Kwa Kiswahili, maneno manne yanatosha. Neno letu moja hubeba mengi: "waliponiambia" lina mtenda, wakati, kirejeshi, mtendwa na kitenzi. Maneno sita ya Kiswahili ni marefu mno, na mabadiliko madogo yatayavunja yote. Maneno mawili nayo ni machache mno, utajaza orodha na "kwa sababu" na ndugu zake.

Weka kila insha katika faili yake ndani ya folda `insha`, na mambo ya kawaida katika `kawaida.txt`, kisha endesha hii:

```python
import re, glob
from itertools import combinations
from collections import Counter

N, UPEO = 4, 3

def vipande(faili):
    m = open(faili, encoding="utf-8").read().lower()
    m = re.findall(r"[a-z0-9']+", m.replace("’", "'"))
    return {" ".join(m[i:i+N]) for i in range(len(m)-N+1)}

insha = {f: vipande(f) for f in sorted(glob.glob("insha/*.txt"))}
idadi = Counter(k for v in insha.values() for k in v)
kawaida = vipande("kawaida.txt")

matokeo = []
for a, b in combinations(insha, 2):
    pamoja = [k for k in insha[a] & insha[b]
              if idadi[k] <= UPEO and k not in kawaida]
    matokeo.append((len(pamoja), a, b))
for m in sorted(matokeo, reverse=True)[:15]:
    print(*m)
```

`UPEO = 3` maana yake ni kwamba kipande kinahesabiwa iwapo kimetokea katika insha zisizozidi tatu. Huo ndio uhaba tuliouzungumzia mwanzo, umeandikwa kwa namba. Mstari wa `replace` upo kwa sababu programu za kuchapia hugeuza alama ya king'ong'o kuwa ya kupinda, na bila kuisawazisha "ng'ombe" inakatika vipande viwili katika insha moja na kubaki nzima katika nyingine.

Namba ngapi ni nyingi? Asilimia gani inathibitisha?

Hakuna asilimia ya namna hiyo, na tunawasihi walimu wasiiweke kwenye kanuni za shule. Insha ya barua rasmi itakuwa na mfanano mkubwa kwa sababu ya umbo lake. Insha ya kubuni itakuwa na mdogo. Kiwango kimoja kwa zote mbili kitaonea wa kwanza na kuwaachia wa pili.

Tazama pengo badala ya kiwango. Chapisha orodha ya jozi kuanzia yenye vipande vingi. Ukiona 23, kisha 5, 4, 4, 3, 3 na kushuka polepole, jozi ya juu imejitenga na inastahili kusomwa. Ukiona 7, 6, 6, 5, 5, 5, hapana pengo, na hiyo jozi ya 7 ni ncha ya kawaida ya darasa hilo.

Na usiogope namba kabla ya kujua zimetoka wapi. Vipande vinapandana: sentensi moja ya maneno 15 iliyonakiliwa nzima inatoa vipande 12. Chukua aya yetu ya fundi. Mfuatano kuanzia "akatuma" hadi "karo ya" una maneno 11 kwa hesabu ya kompyuta (17,500 inakatwa kuwa 17 na 500), nao unatoa vipande 8. "Tapeli huyo alizima simu papo hapo" ina maneno sita na inatoa 3. Jumla 11, kumbe ni sehemu mbili tu za matini. "Kuwa ameshinda zawadi" haikuhesabiwa kabisa, kwa kuwa ni maneno matatu na neno linalofuata limebadilika. Kwa hiyo pamoja na namba, andika kila mara idadi ya *sehemu* zilizolingana na urefu wa ile ndefu zaidi.

Kompyuta haikuonyesha kitu, lakini bado nina shaka. Imekosea?

Inawezekana, kwa njia mbili hasa.

Ya kwanza ni umoja na wingi. "Vijana wengi wanatumia simu zao vibaya" na "Kijana mmoja anatumia simu yake vibaya" kwa msomaji ni sentensi moja. Kwa kompyuta zinashiriki maneno mawili tu, "simu" na "vibaya", wala hayafuatani. Mwanafunzi aliyebadilisha wingi kuwa umoja katika insha nzima anapita bila kuguswa, na jicho lako pamoja na lile jedwali la mifano ndivyo vitakavyomwona.

Ya pili inaudhi zaidi kwa sababu inatokana na tahadhari yetu wenyewe. Kundi la wanafunzi saba likitumia desa moja, kila kipande cha desa hilo kitatokea katika insha saba, na `UPEO = 3` itavitupa vyote kama vitu vya kawaida. Wezi wawili wanaonekana, saba wanajificha. Kwa hiyo endesha mara ya pili ukiweka `UPEO = 8` au 10, na uangalie kama kuna kundi la insha ambalo kila moja inalingana na nyingine zote ndani ya kundi, na hailingani na zilizo nje.

Nitajuaje nani alimnakili nani?

Mara nyingi huwezi, na ni vyema kukubali mapema. Ile -ki- ya "akikishona" inathibitisha kwamba insha 27 imetokana na matini yenye kitu cha KI-VI kinachoshonwa. Haithibitishi kwamba matini hayo ni insha 09. Yawezekana zote mbili zimetoka kwenye desa moja, 09 akaliacha lilivyo na 27 akalibadilisha.

Kuna dalili moja nzuri ya mwelekeo ambayo wanaolinganisha miswada ya kale huijua vizuri: kuruka mstari. Anayenakili kwa macho huinua kichwa, akirudi anatua kwenye neno lilelile lakini mstari wa chini. Ikiwa katika insha moja neno "simu" linamaliza mistari miwili inayokaribiana, na katika insha nyingine maneno yote yaliyo kati ya "simu" hizo mbili hayapo, huku sentensi ikiwa haina maana bila hayo, basi insha yenye pengo imenakiliwa kutoka karatasi yenye mistari iliyokatika mahali hapohapo. Ndiyo maana insha za mkono zisichapwe upya kabla ya kuchunguzwa: ukizichapa, unapoteza mahali mistari ilipoishia.

Dalili nyingine ni kiungo kisicho na kitu cha kuunga. "Kama nilivyotaja hapo juu" wakati hapo juu hakuna kilichotajwa, na kwenye insha nyingine kipo.

Chanzo kikiwa nje, kwenye kitabu au mtandao?

Hilo ndilo jambo la kuondoa kwanza kabla ya kumwita mtu. Chukua sehemu ndefu zaidi iliyolingana, itafute mtandaoni ikiwa ndani ya alama za kunukuu, kisha katika vitabu vya marejeo ya mtihani na insha za mfano za miaka iliyopita. Waulize pia walimu wenzako, na kama ni rahisi, mwalimu wa masomo ya ziada wa mtaani. Wanafunzi wawili wasiojuana, walioketi vyumba tofauti, wanaweza kukariri insha ileile ya mfano.

Ukikipata chanzo, kesi inabadilika. Haihusu tena kunakiliana, inahusu kutumia kazi ya mtu bila kumtaja, na katika mtihani wa kukariri huenda hata kosa lisiwepo.

Mpangilio wa madawati unasaidia?

Kwa insha ya chumba cha mtihani, ndiyo, na uuchore siku hiyohiyo kabla hujasahau. Ila ujue uzito wake. Darasa la wanafunzi 42 katika safu sita za wanafunzi saba lina jozi 71 zinazopakana ubavuni au mbele na nyuma. Hiyo ni kama asilimia 8 ya jozi 861. Kwa hiyo jozi yoyote uliyoipata kwa njia nyingine, ikibainika kwamba walikaa pamoja, shaka inaongezeka sana. Kinyume chake hakifai: usianze kwa majirani na kuwatafutia mfanano, kwa sababu kati ya jozi 71 utakosa vipi kupata mmoja?

Wakiwa wamekaa mbali, usifute shaka. Kupiga chabo kunahitaji ujirani. Mwakenya na simu havihitaji.

Nikiwaita wanafunzi, niwaulize nini?

Mwite kila mmoja peke yake, siku moja, bila nafasi ya kukutana katikati. Usimwonyeshe insha ya mwenzake mwanzoni. Anza na insha yake mwenyewe na maswali ambayo mwandishi wake anayajibu bila jasho: "Huyu fundi ulimpata wapi? Kwa nini 17,500? Uliahidi athari sita, ya sita ilikuwa ipi?" Mwanafunzi aliyebuni mfano huo atakuambia kwamba ni jirani yao, au kwamba aliubuni, na atakuongezea jambo ambalo halimo kwenye insha. Asiyeubuni atarudia sentensi za kwenye karatasi.

Kisha msomee sentensi ya "saa aliyokuwa akikishona" na umwombe aisahihishe. Akisema "akiirekebisha" mara moja, hujathibitisha kitu, anajua sarufi. Muulize tu ilikuwaje ikawa hivyo, na umpe muda wa kufikiri. Ukimya wa mtoto mbele ya mwalimu ni heshima au hofu mara nyingi zaidi kuliko ni hatia.

Mwombe pia alete rasimu au daftari, au aandike aya moja kwa dakika 15 juu ya hoja ileile. Hupimi kama ataandika vizuri kama mwanzo. Unatazama kama anaijua mada.

Na mwenye insha iliyonakiliwa? Anaweza kuwa hajui kabisa, au aliazimwa daftari akidhani ni la kusoma. Mpaka ujue, wote wawili wana hadhi sawa mbele yako.

Nikiandika ripoti, niandike nini?

Andika ulichokiona, si ulichokihukumu. Baraza la Mitihani la Tanzania lina msemo mzuri wa kuazima, "mfanano wa majibu usio wa kawaida": unataja hali ya karatasi bila kutaja nia ya mtu. Kwa insha 09 na 27 ripoti inaweza kuwa hivi:

"Jozi 09/27 kati ya insha 42. Mpangilio wa hoja ni mmoja (M-K-T-A-F), uzito mdogo. Utangulizi wa zote mbili unaahidi athari sita, zote mbili zina tano. Haimo katika insha nyingine. Mfano wa fundi na shilingi 17,500 haumo katika insha nyingine. Vipande 23 adimu katika sehemu nne. Ndefu zaidi ni maneno 11. Aya ya tatu ya 27 ina kiambishi -ki- kinacholingana na nomino 'kiatu' ya 09. Chanzo cha nje kimetafutwa katika kitabu cha kiada, insha za mfano na mtandaoni, hakikupatikana. Mwelekeo: 27 imetokana na matini yenye 'kiatu', haijathibitishwa kuwa ni 09. Maelezo ya wanafunzi yameambatishwa."

Ambatisha nakala za insha zote mbili, sehemu zilizolingana zikiwa zimepigiwa mstari kwa rangi moja, na vipande vya kawaida kwa rangi nyingine. Rangi hiyo ya pili ni muhimu kwa mwanafunzi: inamwonyesha mzazi na kamati ya nidhamu kwamba "katika ulimwengu wa leo" haikuhesabiwa dhidi yake.